Video 26 kwa mwaka, Jumapili kumi za kupika

Swali: "Assalaam alaikum. Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Naishi Likoni, navuka feri kila siku, na nikifika nyumbani Magharibi imeshaadhiniwa. Jumamosi natoka kazini saa saba mchana. Nina chaneli ya YouTube ya mapishi ya pwani. Mara mbili nimeanza kwa kutoa video mbili kila wiki, na mara zote nimekatika mwezi wa pili au wa tatu. Video moja yanichukua kama saa sita. Desemba na Juni kazini hakupumuliki, na Ramadhani ndipo watu wanaponitafuta lakini ndipo nisipokuwa na nguvu. Nipangeje kalenda ya mwaka mzima ambayo sitaikimbia?"

Jibu:

Wa alaikum salaam, dada. Tuanze na hesabu, kwa sababu jibu la kukatika kwako limo humo. Video mbili kwa wiki ni video 104 kwa mwaka, na kwa saa sita kila moja hizo ni saa 624. Mtu anayerudi nyumbani baada ya Magharibi, akapika chakula cha jioni, akaswali Isha, akatazama watoto au wazee, hubaki na saa moja ya maana usiku, na si kila usiku. Nakukadiria saa mbili kwa siku tano za kazi na saa mbili nyingine mwisho wa wiki, jumla saa nne kwa wiki. Kisha toa wiki ambazo hazitakuwa zako hata ukitaka: tatu za Desemba, tatu za Juni, nne za Ramadhani, na mbili za homa, harusi na matanga. Zinabaki wiki 40. Mara saa nne, ni saa 160.

Kwa hiyo ulikuwa umejiahidi saa 624 ukiwa na 160. Mwezi wa kwanza uliifidia tofauti hiyo kwa usingizi wako, mwezi wa pili kwa Jumapili za familia, na wa tatu hapakuwa na kitu kingine cha kukata. Mtu yeyote angekatika hapo. Kabla ya kuchagua hata pishi moja, thibitisha makadirio yangu: kwa wiki mbili andika kila usiku ni dakika ngapi hasa zilikuwa zako. Ukipata saa tatu badala ya nne, hesabu zote zinazofuata zipunguze kwa kiasi hicho. Usizipandishe hata ukipata tano, kwa sababu wiki mbili nzuri haziwakilishi mwaka.

Sasa, kwa saa 160, video moja kila baada ya wiki mbili inawezekana. Kwa mwaka ni video 26, na 26 mara sita ni saa 156. Inaonekana inatosha, lakini umebakiwa na saa nne tu za kila ajali ya mwaka mzima. Stima ikipotea usiku mmoja wa kuhariri na mtoto akiugua mara moja, umemaliza. Ndiyo maana nakuomba uzigawe video zako mafungu mawili tangu mwanzo: kubwa 20 na ndogo sita.

Kubwa ni pishi kamili kama ulivyozoea. Ndogo ni video isiyowasha jiko. Unakaa mahali penye mwanga, unaeleza jambo moja kwa dakika tatu au nne, unarekodi kwa mkupuo mmoja bila kukata vipande, unaipakia. Namna ya kuchagua nazi ya kukuna kwa kuitikisa na kusikiliza maji ndani. Embe boribo na embe ngowe, lipi la achari na lipi la kula hivihivi. Kwa nini tui zito huingia chunguni mwisho na si mwanzo. Majibu ya maswali matatu ambayo watazamaji wamekuwa wakiuliza. Kazi yote haizidi saa moja na nusu. Watazamaji hawazidharau video kama hizi; mpishi aliyeshindwa na tui lake likakatika hutafuta jibu hilo hilo moja, na hana haja ya kuona biriani nzima.

Kubwa 20 ni saa 120, ndogo sita ni saa tisa, jumla 129. Sasa una saa 31 za ajali, na huo ndio mpango ninaouamini. Ndogo nne tunazifunga kwenye Desemba na Juni. Mbili zilizobaki zirekodi mapema, uzihifadhi bila tarehe, za kutolewa siku mambo yakiharibika.

Kuna jambo la Mombasa ambalo mipango inayoandikwa na watu wa mbali hailifikirii, nalo ni mwanga. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo jua kwetu huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:45 jioni mwaka mzima. Wenzetu wa Ulaya wakati wa kiangazi hurudi kazini wakakuta jua bado lipo kwa saa kadhaa. Wewe ukishuka feri ni giza, Januari hadi Desemba. Basi siku za kazi zifute kabisa katika kurekodi chakula. Mchuzi wa samaki wa kupaka chini ya taa moja ya dari huonekana wa kijivu na mafuta yake hung'aa vibaya, na utatumia saa nzima ya kuhariri ukijaribu kurudisha rangi ambayo haikurekodiwa. Usiku ni wa kuhariri, kuandika kichwa cha video na maelezo yake, na kujibu maoni. Jumamosi nayo ni danganyifu: unatoka saa saba, unafika nyumbani saa tisa kasoro, ukimaliza kutayarisha viungo jua limeinama. Itumie Jumamosi kupita Marikiti ukiwa bado upande wa mjini na kununua mahitaji. Jumapili asubuhi ndiyo ya kurekodi, na chakula kiwe ndicho cha mchana cha nyumbani siku hiyo, ili gharama isiwe ya video peke yake.

Lakini usirekodi kila Jumapili. Rekodi Jumapili kumi tu kwa mwaka, mapishi mawili kila mara, na hizo ndizo video zako kubwa 20. Hapa ndipo kalenda yako itakapopona au kufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Saa zako sita nadhani zinagawanyika hivi: saa moja ya kununua na kutayarisha, mbili za kupika ukirekodi, mbili za kuhariri, nusu saa ya sauti, nusu ya picha ya jalada, kichwa na kupakia. Ukirekodi mapishi mawili siku moja, safari ya sokoni ni moja, na kusimamisha simu, kusafisha meza na kutafuta pembe ya mwanga ni mara moja. Ukipanga vizuri, unaokoa kama saa mbili kwa kila jozi. Siri ni kuchagua jozi yenye shina moja. Mkate wa sinia na vitumbua vyote huanza na mchele uliolowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui, ukatiwa hamira, sukari na iliki. Unaloweka mara moja, unasaga mara moja, unagawa rojo mafungu mawili. Kaimati na visheti vyote vinataka shira. Ya kaimati unaiepua ingali laini, ya visheti unaiacha jikoni mpaka ishike na kuganda. Kinyume chake, ukijaribu kuoanisha biriani na mahamri, jikoni kutakuwa na kazi mbili zisizofanana, na utaishia kuikosa picha ya biriani ikifunuliwa kwa sababu mikono imo kwenye unga.

Mapishi mawili, si manne. Nimeona watu wakijaribu manne kwa siku ili "wamalize mwezi". Pishi la tatu hurekodiwa kwa mwanga wa mchana uliosimama kichwani, la nne kwa mpishi aliyechoka ambaye sauti yake imeshuka, na chakula cha kwanza kimepoa kabla ya kupigwa picha ya jalada. Jambo moja dogo zaidi: badilisha leso na kitambaa cha meza kati ya pishi la kwanza na la pili, na usitaje kamwe siku, mwezi wala hali ya hewa unapozungumza. Utaona sasa hivi kwa nini video inapaswa kuweza kutoka wakati wowote.

Tuipange kalenda yenyewe. Kwa kuwa Juni imepita, rekodi Jumapili mbili kati ya Julai na katikati ya Agosti, na usitoe chochote mpaka video nne ziwe tayari kabisa, zimehaririwa na kupewa picha ya jalada. Najua hamu ya kutoa ya kwanza mara tu inapokamilika. Ivumilie. Video nne kwa mwendo wa wiki mbili mbili ni miezi miwili ya kupumua, na akiba hiyo ndiyo uliyoikosa mara zote mbili. Kisha anza Alhamisi tarehe 20 Agosti 2026, na kila Alhamisi ya pili baada ya hapo. Alhamisi jioni naipenda kwa mapishi kwa sababu mtu huona leo, hununua kesho au Jumamosi, hupika mwisho wa wiki. Ukienda hivyo, ya 26 itaangukia tarehe 5 Agosti 2027.

Sasa usianze kujaza kutoka juu kwenda chini. Anza na tarehe zisizosogezeka, na kwa chaneli ya mapishi ya pwani kubwa yao ni Ramadhani. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka. Ya 2027 itaanza karibu tarehe 8 Februari, na Idi itakuwa karibu tarehe 10 Machi, kwa kutegemea mwandamo. Angalia Alhamisi zako zinavyoangukia: 21 Januari, 4 Februari, 18 Februari, 4 Machi. Zimekaa vizuri ajabu. Tarehe 21 Januari weka sambusa za kufunga na kugandisha, maana hiyo ni kazi ya kufanywa kabla ya mwezi kuandama. Tarehe 4 Februari, siku chache kabla ya kufunga, mkate wa sinia. Tarehe 18, watu wakiwa wameshachoka na futari zile zile, kaimati. Tarehe 4 Machi, kumi la mwisho, visheti vya Idi. Kila moja ina siku tatu au zaidi kabla ya tukio lake, hivyo mwandamo ukibadilika kwa siku moja hakuna kinachoharibika. Video ya visheti inayotoka usiku wa kuamkia Idi haimsaidii mtu, unga ameshakanda au ameshanunua vilivyopikwa.

Halafu rudi nyuma kutoka hapo. Ukiwa umefunga huwezi kuonja mbele ya kamera, na usiku kuna futari na tarawehe. Basi kati ya tarehe 8 Februari na Idi hurekodi wala huhariri kitu. Kabla ya hapo una Januari. Kabla ya Januari una Desemba, ambayo umeshasema si yako. Kwa hiyo sambusa za tarehe 21 Januari zinarekodiwa Novemba, pamoja na pishi la tarehe 7 Januari. Mtu anayepanga kutoka juu kwenda chini hugundua hili katikati ya Januari, akiwa na ushuru wa wateja mezani na mwezi unakaribia kuandama.

Januari yenyewe rekodi Jumapili mbili za mwanzo: ya kwanza mkate wa sinia na vitumbua, ya pili kaimati na visheti. Ona kwamba mpangilio wa kurekodi si mpangilio wa kutoa. Mkate wa sinia unatoka tarehe 4 Februari, lakini vitumbua vya siku hiyo hiyo vinangoja mpaka tarehe 18 Machi, baada ya Idi, kama kiamshakinywa cha kawaida. Ndiyo maana nikakuambia usitaje mwezi na ubadilishe leso. Kuhariri video zote nne kabla ya Ramadhani kungekubana, maana una wiki tano tu za saa nne nne. Hariri tatu, na vitumbua viache vikiwa vimerekodiwa tu. Utavimalizia katika wiki moja iliyopo kati ya Idi na tarehe 18.

Video hizi nne zipe vichwa visivyo na mwaka. "Mkate wa sinia wa futari" utaishi. "Futari ya Februari 2027" itakufa mwezi huo huo, na Ramadhani inayofuata, itakayoanza mwishoni mwa Januari 2028, utakuwa na kazi upya ambayo ungeweza kuikwepa kwa kuzisambaza tena zile zile.

Tarehe nyingine zilizofungwa ni chache. Tarehe 20 Agosti, video ya kwanza, ipo siku chache kabla ya Maulidi ya Mfunguo Sita, basi iwe pilau. Tarehe 13 Mei 2027 ipo kabla tu ya Idi ya kuchinja, itakayokuwa karibu tarehe 16 au 17, basi iwe pishi la nyama ya mbuzi. Tarehe 24 Desemba maembe yamejaa sokoni, na ni wiki ya video ndogo, basi iwe ile ya boribo na ngowe. Jumla ni tarehe saba zilizofungwa kati ya 26. Zile 19 nyingine ni huru: zina tarehe, lakini pishi lolote laweza kukaa hapo.

Na hizo huru usizijaze zote leo. Jaza za miezi mitatu tu, kisha kila miezi mitatu ujaze tena. Sababu ni bahari na mvua. Wakati wa Kusi bahari huchafuka na vyombo vidogo haviendi mbali, samaki huadimika na kupanda bei. Ukiwa umejifunga tangu mwaka uliopita kwamba Julai ni pweza wa nazi, utalipa bei ambayo hukuikusudia au utaahirisha. Kaskazi ikiingia, mwisho wa mwaka, samaki ni wengi na ndio wakati wa kurekodi mapishi yake. Mvua nazo zina tabia yake: Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa, na kama paa lako ni la mabati, sauti ya Jumapili nzima yaweza kupotea. Kwa hiyo nyama ya mbuzi ya tarehe 13 Mei irekodi Aprili, mapema uwezavyo. Siku ya kurekodi ya Mei, kama lazima, rekodi picha tu, na maelezo uyasome baadaye usiku kwenye simu ukiwa chumbani penye mapazia na godoro, mwangwi usisikike.

Pa kuiandika kalenda hii ni daftari au lahajedwali moja la Google Sheets, ukurasa mmoja, mistari 26. Nguzo nne zinatosha: tarehe ya kutoka, pishi, kubwa au ndogo, na hali. Tarehe zile saba zilizofungwa zitie rangi tofauti. Kwenye hali tumia maneno manne tu: wazo, imerekodiwa, tayari, imetoka. Ukitumia lahajedwali, na hali ikiwa nguzo ya D, weka mahali pa wazi fomula hii:

```
=COUNTIF(D2:D27,"tayari")
```

Hiyo itakuonyesha nambari moja tu ninayotaka uiangalie kila Jumapili usiku, yaani video ngapi zimekamilika na bado hazijatoka. Mara video inapokuwa tayari, ipakie siku hiyo hiyo na uipangie tarehe, kwenye YouTube Studio sehemu ya Visibility, chaguo la Schedule. Kutoa video ni kazi ya mwisho ambayo hutaki kuibakiza kwa siku uliyokwama kwenye foleni ya feri.

Nambari ikiwa tatu au nne, endelea. Ikishuka hadi mbili, Alhamisi inayofuata yenye pishi huru toa ndogo moja ya dharura, na Jumapili ya karibu iwe ya kurekodi hata kama haikupangwa. Dalili ya mapema zaidi ni hii: ukijikuta unahariri Jumatano video ya kutoka Alhamisi, akiba imeisha, hata kama watazamaji hawajaona tofauti yoyote. Ikitokea mara moja, ni wiki mbaya. Ikitokea mara mbili mfululizo, mwendo ni mkubwa kuliko maisha yako ya sasa. Hapo shusha uwe video moja kila wiki tatu kwa miezi mitatu, bila kutangaza wala kuomba radhi. Hutakuwa umevunja kalenda. Utakuwa umeirekebisha kwa nambari badala ya kwa uchovu.

Ukikosa Alhamisi kabisa, usitoe mbili wiki inayofuata ili kulipa. Deni la namna hiyo ndilo linalozaa la pili. Pia usisogeze kalenda nzima mbele kwa wiki moja, maana mkate wa sinia wako utasogea pamoja nayo ukaingia katikati ya Ramadhani, na visheti vitatoka Idi imeshapita. Acha pengo libaki pengo, na pishi lililokosa lirudi kwenye orodha ya mawazo mpaka lipate nafasi huru.

Kuna milango mitatu ya mwaka ya kukagua kabla ya kupita. Jumapili ya tarehe 6 Desemba uwe na nne tayari: ndogo mbili za Desemba, pishi la tarehe 7 Januari na sambusa. Tarehe 7 Februari uwe na kaimati na visheti tayari, na vitumbua vimerekodiwa. Mwisho wa Mei uwe na ndogo mbili za Juni na kubwa moja ya tarehe 8 Julai. Baada ya hiyo ya tarehe 8 Julai zitabaki Alhamisi mbili, 22 Julai na 5 Agosti. Kama ndogo zako za dharura bado zipo, zitoe hapo upumzike. Kama ulishazitumia, pishi huru lililoahirishwa litakaa hapo.

Saa zitakazookolewa na kurekodi kwa jozi zitakushawishi. Kufikia Oktoba utahisi una nafasi, na mtazamaji mmoja au wawili watakuuliza mbona huweki kila wiki. Tumia nafasi hiyo kurekodi ndogo mbili za Desemba mapema, au kuhariri sambusa kabla ya wakati. Usiongeze Alhamisi. Mwendo wa wiki mbili ukiushika mpaka baada ya Idi ya Machi, ndipo utakuwa na vipimo vya kweli vya kuamua kama saa zako zimebadilika.

Na mlango wa Desemba ukikukuta hujakamilisha, jua mapema utakata nini. Ikiwa Novemba ilikupa nafasi ya kumaliza pishi moja tu, maliza sambusa. Pishi la tarehe 7 Januari ni huru. Mahali pake toa ndogo ya dharura. Ikiwa hata Jumapili ya Novemba haikupatikana, sambusa zirekodi Jumapili ya tarehe 3 Januari peke yake, bila jozi, uzihariri usiku wa wiki hiyo na inayofuata. Jozi ya mkate wa sinia na vitumbua isogee tarehe 10, na ya kaimati na visheti iende tarehe 17. Zitakuwa Jumapili tatu mfululizo jikoni, na wiki zitakazokubana kuliko zote za mwaka, lakini bado zinaingia kabla ya tarehe 8 Februari.